Ombi Lako Limefichwa Aya ya Tatu

Barua inayotoka kijijini kwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya, hapa Tanzania, husomwa kwanza na watu wasio na uwezo wa kuitekeleza. Inapita kwa Mtendaji wa Kijiji na Mtendaji wa Kata, ambao huweka maoni na mihuri yao. Ikifika halmashauri inapokelewa masijala, inagongwa muhuri wa tarehe, inapewa namba ya folio na kuwekwa kwenye faili. Faili ndilo linalopanda mezani kwa Mkurugenzi. Naye, akiwa na lundo la mafaili asubuhi hiyo, haketi kutafakari historia ya shule yenu. Anatafuta jambo moja tu: hili nimpe nani? Akishalijua, anaandika pembeni kwa kalamu maneno mawili matatu, "Mhandisi, shughulikia" au "Afisa Elimu, nishauri", kisha faili linaondoka.

Hapo ndipo barua nyingi zinapopotea, na wala si kwa sababu mtu amezikalia. Zinapotea kwa kuelekezwa kusiko kwake. Mwandishi ameanza na shukrani, akaendelea na chimbuko la mradi, akaeleza matatizo yote ya mahali hapo, na ombi lenyewe likaja mwishoni likiwa limejibana ndani ya sentensi ndefu yenye "hivyo basi". Mkurugenzi amesoma mistari sita ya mwanzo, ameona "shule", ameona "wanafunzi wameongezeka", akaandika "Afisa Elimu". Kumbe aliyetakiwa ni Mhandisi, tena wiki ijayo.

Nina rasimu moja ya kuonyesha jinsi ya kuirekebisha hali hii. Nimeitunga mwenyewe, lakini hakuna sentensi ndani yake ambayo mtu aliyewahi kufanya kazi karibu na masijala ataishangaa. Tuseme imeandikwa na kamati ya ujenzi ya shule ya msingi tarehe 1 Oktoba 2025.

"YAH: UJENZI WA MADARASA. Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia afya njema, na tunaishukuru ofisi yako kwa ushirikiano mkubwa inaotupatia. Shule yetu ilianza mwaka 1978 ikiwa na madarasa mawili tu. Kutokana na ongezeko la wanafunzi, wananchi walifyatua matofali na kujenga msingi wa madarasa mengine mawili. Mwezi Juni ofisi yako ilituunga mkono kwa mifuko 120 ya saruji pamoja na nondo, jambo tunalolishukuru sana. Hata hivyo ujenzi ulisimama kwa miezi miwili kwa kuwa fundi wa awali alipata udhuru. Amepatikana fundi mwingine na kuta zimefika usawa wa lenta. Pamoja na hayo, matundu ya vyoo hayatoshi na walimu wanaishi mbali na shule. Kwa kuzingatia umuhimu huo, na kwa kuwa mvua za vuli zimekaribia, kamati imeona ni vema zege limwagwe mapema, hivyo basi tunaiomba ofisi yako ituangalie kwa jicho la huruma ili mtaalamu aweze kufika kuona kazi hiyo kabla haijaendelea, kwani fundi amepanga wiki ya pili baada ya hii. Ni matumaini yetu kuwa ombi letu litafanyiwa kazi mapema iwezekanavyo."

Kiswahili chake hakina kosa, na aliyeiandika ana adabu zake. Lakini jaribu kumpa mtu barua hii kwa nusu dakika kisha umwulize wanataka nini. Mmoja atasema wanataka vyoo. Mwingine atasema wanaomba fedha za kumalizia, maana "jicho la huruma" katika barua za namna hii karibu kila mara humaanisha fedha. Ni wachache watakaosema kwamba wanamtaka mhandisi aje kukagua nondo kabla ya zege kumwagwa.

Kazi ya kuipanga upya huanza kwa kalamu kabla ya kufuta chochote. Pitia rasimu ukipigia mstari kila mahali penye "tunaomba", "ili", "kabla" na "ifikapo". Maneno haya ndiyo yanayobeba ombi na muda wake, hata pale mwandishi alipojitahidi kuyafunika. Katika rasimu yetu yote yamerundikana katika sentensi moja, ile ya pili kutoka mwisho. Ukiona hivyo, usistaajabu. Mtu anapoandika rasimu ya kwanza huwa bado anajieleza mwenyewe, anaikumbuka safari nzima tangu ilipoanza, na ombi hulifikia mwisho kwa sababu ndipo akili yake ilipofika mwisho. Rasimu imefuata mwendo wa mwandishi. Barua inatakiwa ifuate haja ya msomaji, ambaye hakuwa safarini.

Ukishalipata ombi, liandike pembeni kwenye karatasi safi kama sentensi moja inayotaja mtu, kitendo, mahali na siku. Nani afanye nini, wapi, kufikia lini. Ukishindwa kuijaza moja ya nafasi hizo, ujue tatizo halipo kwenye mpangilio wa barua. Kamati yenyewe haijakubaliana. "Mtaalamu" ni nani? Halmashauri ina wataalamu wa kila aina, hadi wa nyuki. Hapa anayetakiwa ni Mhandisi wa Halmashauri au fundi sanifu anayemtuma. "Kuona kazi hiyo" ni kufanya nini? Ni kukagua nondo za lenta: unene wake, idadi yake, na jinsi zilivyofungwa. Sasa kuna kitu cha kuombwa.

Kisha ije tarehe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo barua nyingi zinapoharibika hata baada ya ombi kupelekwa juu. "Mapema iwezekanavyo" haina siku. Kwa mwandishi ina maana ya wiki hii, na kwa msomaji ina maana ya nikipata nafasi. "Wiki ya pili baada ya hii" ni mbaya zaidi, kwa sababu inaonekana kama tarehe ilhali inategemea siku ya kusomwa. Barua imeandikwa tarehe 1, imelala kata siku tatu, imefika mezani tarehe 6. Kwa anayeisoma siku hiyo, wiki ya pili baada ya hii imeshasogea mbele kwa siku saba.

Tarehe sahihi hupatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ambayo jambo haliwezi kurekebishika tena. Kwetu sisi siku hiyo ni ya kumwaga zege, kwa kuwa likishamwagwa nondo zimefunikwa na hakuna jicho litakalojua kama zilikuwa nne au mbili. Fundi amepanga kumwaga Alhamisi tarehe 16 Oktoba. Je, mhandisi akija Jumatano tarehe 15 inatosha? Haitoshi, kwa sababu anaweza kukuta kasoro, na fundi atahitaji muda wa kufungua na kufunga upya. Tumpe siku mbili, yaani Jumanne na Jumatano. Ukaguzi basi uwe umefanyika ifikapo Jumatatu tarehe 13. Na tazama kalenda: Jumanne tarehe 14 Oktoba ni Siku ya Nyerere na ofisi zimefungwa. Kamati ingeandika "kabla ya tarehe 15" bila kuangalia kalenda, ingejikuta imempa mhandisi sikukuu kama siku yake ya mwisho.

Kuna tarehe nyingine inayosahaulika sana, nayo ni ya jibu. Kamati haiwezi kungoja hadi Jumatatu jioni ndipo ijue kwamba mhandisi haji. Inahitaji kujua mapema ili ama ibadili siku ya zege au ifuatilie. Kwa hiyo barua inaomba vitu viwili vyenye siku mbili: kujulishwa siku ya ziara ifikapo Ijumaa tarehe 10, na ziara yenyewe ifikapo Jumatatu tarehe 13. Andika siku ya wiki pamoja na tarehe. Ukikosea moja, nyingine itakuumbua kabla barua haijaondoka, na msomaji anayepanga ratiba yake hufikiri kwa siku kuliko kwa namba.

Sababu ya tarehe iwekwe papo hapo, bega kwa bega na tarehe yenyewe. Tarehe isiyo na sababu husomeka kama amri kutoka chini kwenda juu, na hakuna Mkurugenzi anayependa kuamrishwa na kamati ya shule. Ikiambatana na sababu fupi inageuka kuwa taarifa: zege litamwagwa siku fulani, baada ya hapo ukaguzi hauwezekani. Hakuna anayebishana na zege.

Sasa turudi kwenye yale maelezo mengine yote. Wengi wakiambiwa waanze na ombi hudhani wameambiwa wafute historia. La. Historia inashuka chini, na sehemu kubwa yake inabaki. Kipimo ninachotumia ni kuiuliza kila sentensi kazi yake kwa huyu anayesoma. Kwamba kuta zimefika usawa wa lenta, Mhandisi anahitaji kulijua ili ajue anakwenda kukagua nini. Kwamba saruji na nondo zilitolewa na halmashauri mwezi Juni, Mkurugenzi anahitaji kulijua kwa sababu ni mali ya ofisi yake, na hapo ana sababu yake mwenyewe ya kutaka kazi ikaguliwe. Sentensi hii, iliyokuwa imezama katikati kama shukrani, ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote katika barua nzima. Kwamba fundi wa kwanza aliondoka linabaki kwa ufupi, maana msomaji atajiuliza kwa nini vifaa vya Juni vinatumika Oktoba. Mwaka 1978 unaondoka; hakuna uamuzi unaoutegemea.

Vyoo na nyumba za walimu vinaondoka pia, ila kwa sababu nyingine. Ni mahitaji ya kweli na pengine ni makubwa kuliko lenta. Lakini barua yenye mambo matatu inaingia kwenye faili moja na kuelekezwa kwa ofisa mmoja, naye atashughulikia lililo lake na kurudisha faili. Vyoo viandikiwe barua yake, yenye kichwa chake na tarehe yake. Najua karatasi, nauli na mihuri ya kata ni usumbufu. Bado ni nafuu kuliko kudhani umeomba vyoo ilhali hakuna mtu wilayani anayejua kwamba umeviomba.

Baada ya kuhamisha aya ndipo linapotokea kosa ambalo hata waandishi wazoefu hulipitia bila kuliona. Sentensi ya ombi ilizaliwa chini, ikiegemea yaliyotangulia: "umuhimu huo", "kazi hiyo", "fedha hizo", "kama tulivyoeleza hapo juu". Ukiipandisha juu kama ilivyo, viashiria hivyo vinaning'inia. "Kazi hiyo" ipi, wakati hakuna kazi iliyokwisha kutajwa? Mwandishi haoni kasoro kwa sababu anaikumbuka rasimu ya zamani. Njia ya kuikamata ni kusoma aya ya kwanza peke yake huku ukisimama kwenye kila "huo", "hiyo", "hizo" na "hilo", na kuweka jina la kitu pale ambapo kiashiria hakina pa kuegemea. Upande wa pili nao una hatari yake: aya za chini sasa zinaweza kuwa zinatambulisha upya jambo ambalo limeshatajwa juu, kana kwamba msomaji ndiyo kwanza analisikia.

Hii hapa barua baada ya kupangwa:

"YAH: OMBI LA MHANDISI KUKAGUA NONDO ZA LENTA IFIKAPO JUMATATU 13 OKTOBA 2025.

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Tunaomba Mhandisi wa Halmashauri, au fundi sanifu atakayemteua, afike shuleni kukagua nondo za lenta za madarasa mawili, siku yoyote ya kazi kati ya Jumatatu tarehe 6 na Jumatatu tarehe 13 Oktoba. Zege limepangwa kumwagwa Alhamisi tarehe 16 Oktoba, na baada ya hapo nondo hazitaweza kukaguliwa.

Tunaomba pia tujulishwe siku ya ziara ifikapo Ijumaa tarehe 10 Oktoba, kwa simu ya Mwalimu Mkuu iliyo juu ya barua hii, ili fundi na mjumbe wa kamati wawepo.

Kuta zimefika usawa wa lenta na nondo zitakuwa zimefungwa ifikapo Jumamosi tarehe 4 Oktoba. Vifaa vinavyotumika ni mifuko 120 ya saruji na nondo zilizotolewa na ofisi yako mwezi Juni mwaka huu. Kazi ilisimama miezi miwili kwa sababu ya kubadilisha fundi, ndiyo maana tunaharakisha kabla ya mvua za vuli.

Tunaishukuru ofisi yako kwa vifaa hivyo. Naomba kuwasilisha."

Anza kuitazama kwenye kichwa. Barua zetu zina desturi nzuri ya YAH, na wenzetu wa Kenya wana KUH au MINT, halafu sentensi ya kwanza inamrudisha msomaji pale pale: husika na somo tajwa hapo juu. Kwa hiyo kichwa kinasomwa mara mbili. Kikiandikwa "UJENZI WA MADARASA", msomaji anarudishwa mahali patupu. Kikibeba ombi na tarehe, karani wa masijala anajua faili la kulifungua, na Mkurugenzi anaweza kuandika "Mhandisi" kabla hata ya kushuka chini. Ningeweka nusu ya jitihada zangu zote kwenye mstari huo mmoja.

Wapo watakaosema barua hii ni kavu. Mtoto aliyelelewa vizuri hafiki kwa mtu mzima na kusema shida yake kabla ya salamu. Hoja hiyo naiheshimu, na kwa mazungumzo ya ana kwa ana ni sahihi kabisa. Lakini barua rasmi ina hodi zake tayari: kuna anwani, cheo cha mwandikiwa, K.K. ya kupitia kwa Mtendaji, na "tafadhali husika". Mlango umeshagongwa mara nne. Adabu nyingine ipo ndani ya "tunaomba", na shukrani haikufutwa. Imekaa mwishoni ikishukuru kitu kinachojulikana badala ya "ushirikiano mkubwa" usioelezeka. Binafsi naona shukrani ya namna hiyo ina uzito zaidi, kwa sababu haionekani kama ngazi ya kupandia ombi.

Shida hii, hata hivyo, haikuanzia kwetu wala haitokani na ukarimu wa Kiswahili. Tarehe 9 Agosti 1940, ndege za Ujerumani zikiwa zinaishambulia Uingereza, Waziri Mkuu Winston Churchill aliwaandikia wakuu wa serikali yake waraka wa ukurasa mmoja akilalamikia urefu wa ripoti anazoletewa. Alitaka hoja kuu ziwekwe katika aya fupi fupi, na uchambuzi wa kina au takwimu viwe kwenye kiambatisho. Jeshi la Marekani nalo, katika kanuni yake ya uandishi wa barua iitwayo AR 25-50, linaagiza jambo kuu litangulie. Waingereza na Wamarekani walihitaji kuamriwa, kama sisi.

Zipo barua ambazo mpangilio huu haufai. Ya rambirambi, bila shaka. Ya kumweleza mtu habari mbaya inayomhusu yeye mwenyewe, ambapo sentensi moja ya kumwandaa ni haki yake. Na lipo ombi ambalo msomaji hana habari nalo hata kidogo: ukimwandikia mhandisi wa kampuni binafsi ambaye hajawahi kusikia jina la kijiji chenu, anza na sentensi moja ya ninyi ni nani na kwa nini mmemfikia yeye, kisha ombi. Nimesema moja. Zikifika tatu umesharudi 1978.

Kwenye ujumbe wa simu kanuni inabana zaidi, maana kioo kikiwa kimefungwa kinaonyesha maneno machache tu ya mwanzo. "Shikamoo mjomba, habari za siku nyingi, hapa nyumbani sote wazima" inajaza nafasi yote, na mjomba ataifungua akipata nafasi. "Shikamoo mjomba. Naomba unisaidie ada ya mtoto, shule inafunga malipo Ijumaa" ina shikamoo ile ile, na habari za nyumbani zinafuata chini yake. Kosa ninalolichukia ni la kutuma salamu peke yake na kungoja ijibiwe ndipo ombi lifuate. Ijumaa inaweza kupita mkiwa bado kwenye "sijambo".

Kabla ya kuipeleka barua yetu kata, funika kila kitu kwa karatasi isipokuwa kichwa na aya ya kwanza, umpe mtu ambaye hakuwepo kwenye kikao cha kamati. Mwulize nani anatakiwa kufanya nini na lini. Akisita kwenye swali la nani, rekebisha kichwa. Akisita kwenye lini, ujue bado una "mapema" mahali fulani.

Na weka nakala yenye Kumb. Na. yake. Ikifika Ijumaa tarehe 10 mchana na simu ya Mwalimu Mkuu haijaita, atakayetumwa wilayani hana haja ya kuomba kumwona Mkurugenzi. Aende masijala, ataje kumbukumbu namba, aulize barua imeelekezwa kwa nani. Akijibiwa "kwa Mhandisi", apande ghorofani kumtafuta. Akijibiwa "kwa Afisa Elimu", bado ana saa chache za kazi za siku hiyo na Jumatatu nzima ya kuihamisha.